Bibi akibanwa na haja saa nane usiku
Jinsi ya kupima hatari ya mzee kuanguka wodini na kuandika mpango wa kumkinga

Wazee wengi wanaoanguka hospitalini huanguka kwa sababu ya haja: wanaelekea chooni, wanatoka chooni, au ndiyo kwanza wanashusha miguu kitandani ili waende. Muuguzi anayelijua hili ana pa kuanzia. Ndugu wa mgonjwa akilijua, ana swali la kuuliza kabla muda wa kutazama wagonjwa haujaisha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Walio hatarini zaidi ni wazee. Wodini hatari huongezeka, maana mzee amefika akiwa na homa, hajala vizuri kwa siku kadhaa, ameanzishiwa dawa mpya, amelazwa kwenye kitanda kilicho juu kuliko cha kwake, na choo kiko mwisho wa korido asiyoizoea.

Hospitali nyingi hupima hatari hii kwa alama. Kipimo kinachotumika sana ni cha Morse, ambacho Janice Morse, mtafiti wa uuguzi, alikichapisha nchini Kanada mwaka 1989. Kina maswali sita na hakichukui hata dakika tano. Tatizo liko kwenye kinachofuata. Alama zinajumlishwa, faili linaandikwa "hatari kubwa", kisha mzee anaachwa kama alivyokuwa. Nitaonyesha kwa mgonjwa mmoja wa mfano jinsi ya kutoka kwenye alama hadi kwenye mpango ambao muuguzi wa zamu ya usiku anaweza kuufuata.

Alama 100, halafu?

Tuchukue bibi wa miaka 78 aliyelazwa kwa nimonia katika wodi ya wanawake ya hospitali ya mkoa. Ana kisukari na presha kwa miaka mingi. Ana kanula mkononi na dripu inaendelea. Binti yake anasema wiki mbili zilizopita aliteleza uani akaangukia mkono, lakini hakuvunjika.

Muuguzi anaanza kwa mazungumzo, si kwa fomu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Nyumbani ukibanwa na haja usiku unafanyaje?"

"Naamka naenda. Nashika kabati, nashika ukuta, nafika."

Jibu hilo fupi limekwisha kujibu swali zima la kipimo. Kwa Morse, mtu anayetembea kwa kushikilia samani na kuta anapewa alama 30, mara mbili ya anayetembea na fimbo au fremu, ambaye hupewa 15. Sababu yake ni wazi: fimbo unakwenda nayo, lakini kabati la nyumbani halikufuati wodini. Usiku bibi atanyoosha mkono kutafuta kabati na kukuta kigari cha dawa chenye magurudumu, au pazia.

Tujumlishe. Ameanguka ndani ya miezi mitatu iliyopita, 25. Ana ugonjwa zaidi ya mmoja, 15. Anashikilia samani, 30. Ana kanula, 20. Mwendo wake ni dhaifu, amejikunja kidogo na hatua ni fupi, 10. Anajua uwezo wake ulivyo na hajidai, 0. Jumla ni 100 kati ya 125. Hospitali nyingi huhesabu 45 na kuendelea kuwa hatari kubwa, kwa hiyo bibi amevuka kiwango hicho zaidi ya mara mbili.

Sasa jiulize: alama 100 zimekuambia ufanye nini saa nane usiku? Hakuna kitu. Tena ukiangalia vizuri, karibu kila mzee mgonjwa anayeingia wodini na dripu na magonjwa mawili ataangukia upande wa hatari kubwa, na kipimo kinachowaweka wote fungu moja hakimsaidii muuguzi kuchagua wa kuanza naye. Kwa sababu hiyo taasisi ya NICE ya Uingereza, inayoandika miongozo ya tiba, ilishauri mwaka 2013 kwamba hospitali ziache kutumia alama za kubashiri nani ataanguka. Kila mgonjwa wa miaka 65 na kuendelea ahesabiwe kuwa yuko hatarini, na nguvu zielekezwe kwenye kutafuta sababu zake yeye zinazoweza kurekebishwa.

Australia wanalo funzo jingine. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia wodi 24. Nusu yake ziliwekewa kipimo cha hatari pamoja na fungu la hatua sita, zikiwemo kibao cha tahadhari juu ya kitanda, kitanda cha chini na kengele inayolia mgonjwa akiinuka. Wauguzi walizitumia kweli hatua hizo, lakini idadi ya walioanguka na walioumia haikupungua kuliko kwenye wodi nyingine. Mimi nasoma matokeo hayo hivi: fungu moja la hatua linalogawiwa kwa wagonjwa kwa kufuata alama halitoshi. Kama hospitali yako inataka fomu ya Morse ijazwe, ijaze, ila usikae chini ukidhani umemaliza.

Kutafuta sababu za bibi huyu

Kazi yenyewe inaanzia hapa, na kwa bibi wetu sababu nzito ni tatu.

Ya kwanza ni presha inayoshuka anaposimama. Kuipima hakuhitaji kifaa kipya, kunahitaji subira. Mlaze bibi chali kwa dakika 5 kamili, pima presha. Msimamishe, ukiwa karibu naye na kiti kikiwa nyuma yake, pima ndani ya dakika ya kwanza, kisha pima tena dakika ya tatu. Kila mara muulize anajisikiaje. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini ikishuka kwa 10 au zaidi, kipimo kimeonyesha tatizo. Bibi akiwa amelala alikuwa na 148 kwa 82. Dakika ya kwanza 124 kwa 74. Dakika ya tatu 118 kwa 70, naye akasema, "Macho yanaingia kiza." Imeshuka kwa 30.

Makosa ya kawaida hapa ni mawili. Moja ni kumpima akiwa ameketi badala ya kusimama, na hapo tatizo hujificha. La pili ni kuishia kwenye dakika ya kwanza, wakati wapo wazee ambao presha yao hushuka polepole, kiasi kwamba wanakuwa wamefika katikati ya korido ndipo miguu inalegea. Na kama hawezi kusimama kabisa, mpime akiwa ameketi na uandike hivyo kwenye faili, ili mwenzako asidhani alisimama.

Ya pili ni dawa. Binti ameleta mfuko wa dawa za nyumbani. Mwaga zote mezani, hata zile zisizoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Bibi anatumia vidonge viwili vya presha. Anatumia amitriptilini usiku, aliyopewa kwa ajili ya miguu inayowaka moto kutokana na kisukari. Na tangu alazwe anapewa furosemidi, kidonge cha kupunguza maji mwilini, mara mbili kwa siku, dozi ya pili ikiwa saa 2 usiku.

Furosemidi ya kumeza huanza kazi ndani ya saa moja hivi na huendelea kwa saa sita hadi nane. Kidonge cha saa 2 usiku kitamkojosha mpaka alfajiri. Wakati huohuo amitriptilini inamtia usingizi, inachangia kuishusha presha anaposimama, na kwa wazee inaweza kuwavuruga akili. Yaani dawa moja inamwamsha na nyingine inamnyima uwezo wa kusimama. Hakuna aliyekusudia hivyo, ila hakuna aliyezitazama pamoja.

Ya tatu ndiyo inayopitwa sana, kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakoletwa na ugonjwa. Mchana bibi anaongea vizuri, ndiyo maana kwenye Morse alipata 0. Lakini binti, aliyeruhusiwa kulala naye usiku wa kwanza, anasema: "Sista, usiku mama alikuwa anataka aende jikoni akapike. Nyumbani hana hali hiyo." Maneno hayo yana uzito kuliko fomu nzima. Akili iliyobadilika ndani ya siku chache, yenye kuja na kuondoka, ni dalili kwamba ubongo umeguswa na maambukizi, upungufu wa oksijeni, sukari kushuka, mkojo kubana au dawa. Si uzee.

Kipimo kifupi kinachotumika kwa hili kinaitwa 4AT. Kinatazama kama mgonjwa yuko macho sawasawa, kinamuuliza umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka huu, kinamtaka ataje miezi kinyumenyume kuanzia Desemba, na kinauliza kama kuna mabadiliko ya ghafla. Alama 4 au zaidi zinaashiria kuchanganyikiwa huko, na mabadiliko ya ghafla peke yake yana alama 4. Kwetu kuna angalizo: wazee wengi hawajui tarehe waliyozaliwa, na asiyesoma shule huenda hakuwahi kuitaja miezi kwa mpangilio huo hata akiwa mzima. Usimhukumu kwa hilo. Unaweza kumjaribu kwa siku za wiki, kutoka Jumapili kurudi nyuma, ukaona kama anashika uzi au anaupoteza, lakini tegemea zaidi ushahidi wa mtu anayeishi naye. Bibi wetu alianza Jumapili, Jumamosi, Ijumaa, kisha akasahau alikuwa anaulizwa nini.

Kuna mambo madogo pia, yanayoonekana kwa kutazama tu. Miwani imebaki nyumbani. Kandambili zake ni za mjukuu, zimempita mguu. Kanga ameifunga inaburuta sakafuni. Vidole vya miguu havihisi ukivigusa, kwa hiyo hawezi kujua kama sakafu ina maji mpaka ateleze.

Mpango unaoandikika na kufuatika

Tazama sentensi inayopatikana kwenye mafaili mengi: "Mgonjwa yuko katika hatari ya kuanguka. Mgonjwa azuiwe kuanguka. Ndugu washauriwe." Haisemi nani, saa ngapi, wala kwa njia gani. Muuguzi anayeingia zamu saa 2 usiku akiwa na wagonjwa thelathini hana la kufanya nayo. Mpango mzuri unafunga kila sababu iliyopatikana kwa kitendo, mtu na saa. Kwa bibi wetu ningeandika hivi:

"Presha inashuka kwa 30 akisimama, na kizunguzungu. Asiinuke peke yake. Akiinuliwa: aketi ukingoni mwa kitanda dakika mbili, achezeshe vifundo vya miguu, asimame akishikwa, asubiri kizunguzungu kiishe ndipo aende. Daktari wa wodi amejulishwa leo saa 5 asubuhi, aangalie dawa za presha na amitriptilini. Presha ya kulala na kusimama irudiwe kila asubuhi hadi itulie.

Anakojoa mara tatu au nne usiku. Daktari ameombwa kuhamisha furosemidi ya usiku iwe saa 8 mchana. Muuguzi wa usiku ampeleke au ampe bedpani saa 3, saa 6, saa 9 na saa 11 alfajiri, bila kusubiri aombe. Dripu, kama daktari anaridhia, iwe ya mchana na kanula ifungwe usiku.

Amechanganyikiwa kwa ghafla. Oksijeni na sukari zipimwe sasa na kila zamu. Tumbo la chini likaguliwe kama mkojo umebana. Binti alale naye usiku, kwa idhini ya msimamizi wa wodi. Asipewe diazepamu kwa ajili ya usingizi."

Saa zile nne za usiku ndizo moyo wa mpango huu. Mzee akishapelekwa saa 6, uwezekano wa kuinuka mwenyewe saa 7 na nusu unapungua. Kumwambia "ukibanwa niite" kunamfaa mtu mwenye akili timamu na kengele inayofanya kazi. Bibi aliyechanganyikiwa atasahau, na wazee wengi wenye akili zao huona haya kumsumbua binti wa watu kwa ajili ya mkojo. Muuguzi akiwafuata yeye, haya haina nafasi.

Kuhusu dawa, muuguzi hasitishi wala kupunguza mwenyewe, na ndugu vilevile. Anachofanya ni kumpelekea daktari vipimo na hoja. Na mgonjwa aliyezoea diazepamu kwa miezi au miaka asikatiwe siku moja, maana anaweza kutetemeka, kuvurugikiwa zaidi au hata kupata degedege. Hupunguzwa kidogokidogo.

Yanayobaki ni ya papo hapo. Kitanda kishushwe hadi chini kabisa na breki zifungwe, kisha kisukume kwa goti uone kama kweli kimekamata. Bibi ahamishiwe kitanda kilicho karibu na meza ya wauguzi au karibu na choo. Miwani iletwe leo. Viatu viwe vya kufunga kisigino na soli isiyoteleza, kanga ikunjwe juu ya kifundo. Mtaalamu wa tiba ya viungo ampe fremu au fimbo ya kimo chake. Akiwa amesimama wima na mikono imening'inia, mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Fimbo ndefu humsukuma nyuma, fupi humwinamisha. Ikishapatikana, ikae upande anaoshukia, mahali mkono unafika.

Mambo mawili ya kuepuka

Ndugu wengi huomba vizuizi vya pembeni mwa kitanda vipandishwe, na wauguzi hukubali kwa moyo mwema. Kwa mgonjwa aliyelala bila kujiweza, au anayesukumwa kwenda eksirei, vinafaa. Kwa aliyechanganyikiwa lakini ana nguvu za kuinuka ni hatari, kwa sababu hatatulia, atavipanda. Akianguka ataanguka kutoka juu zaidi, au mguu utanasa katikati ya vyuma. Kumfunga kwa kanga au bandeji ni kubaya kuliko hivyo. Kunamzidishia fujo, kunamtia vidonda na kumvunjia heshima.

La pili ni kumkataza kabisa kushuka kitandani. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2007 uliwalaza wazee wenye afya njema kwa siku 10 mfululizo. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa na nimonia wala kisukari. Bibi atakayezuiwa kitandani wiki nzima "kwa usalama wake" ataruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na miguu isiyoweza kumbeba, na ataanguka huko ambako hakuna muuguzi. Kwa hiyo mpango wake lazima uwe na mstari wa kutembea: aketi kitini kwa kila mlo, na atembezwe na mtu mmoja asubuhi na jioni, kwanza hadi mlangoni, kesho hadi nusu ya korido.

Akianguka pamoja na yote haya

Wapo watakaoanguka hata mpango ukiwa mzuri. Usimnyanyue haraka, hata kama anaomba. Hakikisha anapumua na anajibu, muulize shingo inauma, papasa kichwa, kisha tazama miguu. Mguu mmoja ukiwa mfupi kuliko mwingine na unyayo umegeukia nje, chukulia kwamba paja limevunjika karibu na nyonga mpaka eksirei ithibitishe vinginevyo. Asisimamishwe, ahamishwe kwa ubao au shuka na watu wa kutosha. Pima presha, sukari na oksijeni, na daktari aitwe.

Kama amegonga kichwa, au hakuna aliyeona alivyoanguka, fuatilia fahamu zake kila nusu saa kwa saa mbili, kila saa kwa saa nne zinazofuata, kisha kila saa mbili. Akiwa anatumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, daktari aambiwe hilo mwanzoni kabisa, maana damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu huku mgonjwa akiongea kama kawaida.

Mtu akishatulia, muulize swali moja: "Bibi, ulikuwa unakwenda wapi?" Jibu lake linaingia kwenye mpango siku hiyohiyo. Mpango hurudiwa pia kila dawa mpya inapoanza, mgonjwa anapohamishwa wodi, au hali yake inapobadilika kwa uzuri au ubaya. Siku bibi atakapopata nafuu na akili kutulia, binti hatahitaji tena kulala hapo, na mpango useme hivyo.

Nawe uliye na mzazi wodini, siku ya kwanza mwambie muuguzi mambo manne bila kungoja kuulizwa: kama ameanguka mwaka huu, anaamka mara ngapi usiku, anatumia dawa gani zote, na kama akili yake imebadilika siku hizi. Mletee miwani na viatu vinavyomkaa. Kisha, kabla hujaondoka jioni, muulize muuguzi wa zamu: mama akibanwa na haja usiku, nani atampeleka, na saa ngapi?